Nukta ndiyo inayokuambia uandike nini kwenye tarehe za Kijerumani

Zoezi likikutaka uandike tarehe kwa maneno, usikimbilie namba. Tazama kwanza kama ina nukta. Kwenye »am 24. März« nukta si pambo, inageuza ishirini na nne kuwa ya ishirini na nne. Andika namba tupu, mamoja kabla ya makumi na yote neno moja: vierundzwanzig. Kisha ongeza mkia: 1 hadi 19 huchukua -te, 20 hadi 31 huchukua -ste. Mwisho angalia neno lililotangulia. Baada ya »der« unaacha hivyo hivyo, Heute ist der vierundzwanzigste März. Baada ya »am« unaongeza n, am vierundzwanzigsten März. Hiyo n ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu ukisoma harakaharaka haisikiki.

Kanuni inakwama kwa tarehe nne: erste, dritte, siebte na achte (hii ya mwisho haina t mbili). Hizo zikariri tu.

Mwezi ukiandikwa kwa tarakimu nao una nukta, kwa hiyo nao unapata mkia: »am 3.5.« ni am dritten Fünften, au salama zaidi, am dritten Mai. Mwaka hauna nukta, basi usiupe mkia: 1987 ni neunzehnhundertsiebenundachtzig, lakini 2024 ni zweitausendvierundzwanzig. Wala usiuwekee »in« mbele. Wajerumani husema 1987 au im Jahr 1987.