Opera ya Kitaliano? Sikiliza kinanda

Jana barazani Mji wa Kale binamu yangu aliizima "Ndoa ya Figaro" ya Mozart (1786) baada ya robo saa: "Kitaliano sikijui!" Basi shika hili. Waimbaji wakisemezana haraka, kinanda kikidonoa noti chache, hiyo ni resitativu. Kisa kinasonga, soma tafsiri chini ya skrini. Ndipo Susana, mchumba wa Figaro na mtumishi mwenzake, anamwambia kwamba bwana wao anamtaka yeye Susana. Okestra ikiingia, Figaro akabaki peke yake, ni aria. Acha kusoma, anatoa hasira tu, maneno yakirudiwa kama kwenye taarabu. Figaro na bwana wana sauti nzito, Susana ni soprano, sauti ya juu ya kike. Kerubino ni mvulana, lakini huimbwa na mwanamke.