Dirisha la OBS lisionekane kwenye video

Ninatumia OBS, programu ya kurekodi skrini, kurekodi masomo ya Excel kwa wenye maduka hapa Ngamiani, Tanga. Zamani kila video ilifunguka na dirisha la OBS na kufungwa nalo, mimi nikihangaika kukata ncha zote mbili. Dawa yake ni vitufe.

Fungua Settings, kisha Hotkeys. Kwenye Start Recording bonyeza mchanganyiko unaoutaka, na mchanganyiko huohuo uuweke pia kwenye Stop Recording. Ukibonyeza mara ya kwanza inaanza, mara ya pili inasimama. Bonyeza OK, punguza dirisha la OBS, uendelee na kazi yako.

Sasa angalia hapa: kitufe hicho hakiendi OBS peke yake, hata programu iliyo mbele yako inakipokea. Mimi nilichagua Ctrl+F9, na Excel nayo ikajipunguza papo hapo, maana kwenye Excel hiyo ndiyo amri ya kupunguza dirisha. Video ikaanza na picha ya wajukuu wangu iliyo kwenye desktop! Nikahamia Ctrl+Alt+R, ikatulia. Lakini kwenye Word hiyo huandika ®, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya programu unayofundishia.

Kitufe kikikataa kabisa kwenye programu moja tu, huenda programu hiyo imefunguliwa kwa Run as administrator. Windows huizuia OBS isisikie. Funga OBS, uifungue nayo vilevile.