Jinsi ya kutamka renda za akili unde kwenye zabuni na mashindano ya usanifu: yaliyotukuta Mombasa

Kujaza fomu si tatizo. Tatizo ni picha. Tulikuwa tunafunga zabuni ya kusanifu na kukarabati jengo la ghorofa mbili Mji wa Kale, kurasa zimeshapigwa nambari na vitabu vimeshajalidiwa, ndipo kijana tuliyemlipa atutengenezee renda, yaani picha za kompyuta za jinsi jengo litakavyoonekana, akasema kwa simu, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba picha tatu kati ya tano alizipitisha kwenye akili unde "zipendeze". Hatukuwa na ukurasa wa tamko, wa kusema picha zipi zimepitia akili unde. Kuuingiza ukurasa mmoja katikati kukamaanisha kubadilisha nambari za kurasa zote zinazofuata, kuchapisha upya na kujalidi upya, na duka la kuchapisha likatutoza kana kwamba ni kazi mpya. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mapema kuliko pale unapodhani kazi inaanzia.

Siku unayoagiza renda, mtake mtengenezaji kwa maandishi akupe vitu viwili kwa kila picha: picha ghafi kama ilivyotoka kwenye modeli ya jengo ya kompyuta, iwe ya SketchUp au nyingineyo, na picha ya mwisho, zote kwa ukubwa uleule na pembe ileile. Akikupa ya mwisho peke yake, huna njia ya kujua mashine iliongeza nini, na jambo usilolijua huwezi kulitamka kwa ukweli. Weka sharti hilo kwenye malipo yake, fungu la mwisho litoke baada ya picha ghafi kufika.

Kisha soma hati ya zabuni au kanuni za shindano utafute neno lolote kuhusu picha, kompyuta au akili unde. Kama hakuna, usidhani kunyamaza kwao ni ruhusa. Uliza kwa maandishi ndani ya muda wa maswali. Kwa utaratibu wa zabuni za umma hapa Kenya, jibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza, kwa hiyo huna cha kuogopa. Swali liwe fupi: je, picha zilizotengenezwa au kubadilishwa kwa akili unde zinakubalika, na tamko lake liwekwe wapi? Sehemu ya pili ya swali hilo ina uzito kuliko ya kwanza, na nitaeleza.

Kulinganisha picha na mchoro

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fungua picha ghafi na ya mwisho kwenye programu ya picha kama matabaka mawili, ya juu uipunguze uzito wa rangi hadi nusu ili ya chini ionekane, kisha uizime na kuiwasha huku ukitazama kipande kimoja baada ya kingine. Anza na vitu vinavyohesabika: madirisha, nguzo, vidato vya ngazi, mihimili ya roshani. Halafu tazama majirani, barabara na anga.

Kwenye Picha 3 yetu, mwonekano kutoka barabarani, mashine ilikuwa imefanya mambo manne. Mlango wa mbao wa kawaida uliokuwa kwenye modeli uligeuka mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, mzuri kweli, ila mkadiriaji wetu hakuwa ameuwekea hata shilingi. Dirisha moja la juu liliongezeka. Tangi la maji na nyaya za umeme za jirani zilifutwa. Na barabara ya lami ikawa ya mawe.

Angalia pia kivuli, maana mashine haijui tuko wapi duniani. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hapa liko juu sana mwaka mzima. Hata mwezi wa Juni, linapoelekea kaskazini kuliko wakati wowote, kivuli cha adhuhuri hakizidi kwa kiasi kikubwa nusu ya kimo cha kitu, nacho huangukia kusini. Mwezi wa Desemba ni kama theluthi, na huangukia kaskazini. Renda iliyoandikwa "mchana" yenye kivuli kirefu kuliko jengo lenyewe imeazima jua la nchi nyingine. Hili si pambo. Kama pendekezo lako linadai kwamba roshani zitakinga madirisha na jua, kivuli cha uongo kinageuka ushahidi wa uongo, na hapo kutamka hakutoshi. Rudia kivuli kwenye modeli kwa tarehe na saa halisi.

Ukishaorodhesha tofauti, zigawe. Kila tofauti inayogusa kazi utakayolipwa irekebishwe: sisi tulirudisha mlango wa kawaida na kuondoa dirisha la ziada, na tangi na nyaya za jirani tukazirudisha pia kwa sababu zinabadilisha jinsi jengo litakavyoonekana kweli. Inayobaki, isiyogusa kazi, ndiyo unayoitamka. Tamko halisafishi mlango ambao huna nia ya kuujenga.

Maneno yenyewe

Zabuni zetu huandikwa Kiingereza, kwa hiyo utayahamisha maneno haya, lakini yapange kwanza kwa lugha unayofikiria nayo. Kuna maneno mawili yanayoandikwa sana na hayafai. La kwanza ni "Picha ni za kuonyesha tu." Hilo halimwambii msomaji chochote, kwani kila renda ni ya kuonyesha. La pili ni "Baadhi ya picha zimeboreshwa kwa kompyuta." Zipi, na zimeboreshwa nini? Mjumbe wa kamati ya tathmini akisoma hivyo anabaki na shaka juu ya picha zote, hata zile safi. Kosa la upande wa pili ni kusema picha zote zimetengenezwa na akili unde ili uwe salama, ilhali umbo la jengo ulilichora wewe kwa vipimo. Hapo unaidhalilisha kazi yako mwenyewe, tena kwa maneno yasiyo kweli.

Chini ya picha yenyewe, si mwisho wa kitabu, tuliandika hivi:

"Picha 3. Mwonekano kutoka barabarani. Umbo la jengo, ghorofa, milango, madirisha na roshani vimetoka kwenye modeli, sawa na mchoro A-201. Anga, watu, sura ya lipu na mawe ya barabarani vimetengenezwa kwa Stable Diffusion, programu ya akili unde. Mawe ya barabarani si sehemu ya kazi hii."

Na ukurasa wa tamko, kabla ya picha ya kwanza:

"Picha 1, 3 na 4 zilipitishwa kwenye programu ya akili unde baada ya kutolewa kwenye modeli ya jengo. Programu ilitumika kwa mwanga, anga, watu na sura ya vifaa. Haikutumika kuamua vipimo, idadi ya milango na madirisha, wala kitu chochote kilichowekewa bei. Tumezilinganisha na michoro A-101 hadi A-204 na kurekebisha tofauti tulizoziona. Iliyobaki imetajwa chini ya picha husika. Picha 2 na 5 hazikupitia programu hiyo. Picha na mchoro vikitofautiana, mchoro ndio unaotufunga."

Sentensi ya nne ndiyo inayobeba tamko lote, kwa sababu inasema ulifanya kazi gani ya kukagua. Usiiandike kama hukukagua. Na "tulizoziona" liachwe hapo hapo. Ukisema umeondoa tofauti zote unaahidi jambo ambalo jicho haliwezi kulithibitisha.

Kuna mahali ambapo hakuna maneno ya kuokoa. Usiweke renda, ya mashine au ya mkono, kwenye sehemu ya kazi ulizokwisha kufanya. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inahesabu kupotosha ukweli ili kuathiri zabuni kuwa ulaghai, na kuzuiwa kushiriki zabuni za umma huwa kwa miaka isiyopungua 3. Hata kusafisha picha halisi ya jengo lililokamilika, ukafuta ufa au kuongeza miti, ni kumwonyesha mteja kazi ambayo hukuifanya. Picha ya kazi iliyokwisha iwe picha ya kamera, na tarehe yake.

Pa kuliweka

Usiliandike tamko kwenye fomu ya zabuni. Fomu hiyo hujazwa kama ilivyo, na neno la ziada juu yake linaweza kuhesabika kuwa umebadilisha masharti. Usilibandike kwenye SD2 pia, lile tamko la kutoshiriki ufisadi au ulaghai. Lina maneno yake yaliyopangwa. Mahali pake ni ndani ya pendekezo la kiufundi, litajwe kwenye yaliyomo, na liwe na nambari ya ukurasa inayofuatana na zilizo kabla na baada yake, maana sheria inataka kurasa zote za zabuni zipigwe nambari. Karatasi iliyochomekwa baadaye haina hadhi. Karani aliyepokea kitabu cha mzabuni mbele yetu alikifunua na kumwuliza, "Bwana, hii isiyo na nambari niihesabu wapi?" Yule bwana hakuwa na jibu, na saa ya kufunga ilikuwa imekaribia.

Kwenye mashindano ya usanifu kuna mtego wa kinyume. Mashindano mengi hutaka kazi isiyo na jina, alama ya siri tu. Tamko litaje picha na programu, lisitaje ofisi, wala mtengenezaji wa renda, wala mradi wenu wa zamani. Halafu angalia kilichofichika ndani ya faili kwa exiftool, programu inayosoma maelezo ya faili za picha:

```
exiftool picha3.png
exiftool -DigitalSourceType -Artist -Creator picha3.jpg
```

Amri ya kwanza mara nyingi huonyesha `Parameters`, yaani maneno na mipangilio aliyoipa mashine mtu aliyetumia Stable Diffusion, kama faili haijapita kwenye programu nyingine. Ya pili inaonyesha chanzo cha picha, pamoja na jina la mtu kama limo. Ukikuta `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia`, picha imetangazwa kuwa imehaririwa au kuchanganywa na kazi ya akili unde. `trainedAlgorithmicMedia` inasema imetoka kwenye mashine moja kwa moja. Hakikisha maneno hayo hayapingani na tamko lako, kisha uondoe majina ya watu tu na kuacha alama ya chanzo. Usipoona kitu, usihitimishe kwamba picha ni safi. Ikishatumwa kwa WhatsApp au kupigwa picha ya skrini, alama hizo mara nyingi hupotea, na kinachobaki cha kutegemea ni picha ghafi uliyoidai siku ya kwanza.

Hifadhi picha ghafi, za mwisho na orodha ya tofauti kwenye folda moja hadi mkataba utiwe saini au zabuni itupwe. Kamati ikiomba ufafanuzi, huruhusiwi kubadilisha ulichowasilisha. Unaruhusiwa kukieleza, na folda hiyo ndiyo maelezo yako.