Somo: Shahidi mtaalamu anavyojitambulisha mbele ya baraza

Tuchukue kesi ya mkataba ambao mdaawa mmoja anasema sahihi iliyomo si yake. Wewe ni mchunguzi wa miandiko. Umeshaapa, na wakili anakwambia: "Lieleze baraza wewe ni nani."

1. Anza na kazi, vyeti baadaye. Sema hivi: "Kazi yangu ni kulinganisha sahihi inayobishaniwa na sahihi ambazo hakuna anayezikataa. Kwa hadubini naona kalamu iliponyanyuliwa katikati ya mstari, au ilipokwenda polepole ikatetemeka. Mambo hayo hujitokeza mtu anapoiga mkono wa mwenzake." Anayekusikiliza ameshajua utamsaidia nini.

2. Elimu iguse swali lililopo. "Shahada yangu ni ya kemia. Sahihi sikujifunza chuoni. Nilijifunza miaka 2 chini ya mchunguzi mzoefu aliyekagua kila ripoti yangu." Ukiiacha shahada ionekane ndiyo iliyokufunza miandiko, wakili wa upande wa pili atalifichua hilo kwenye maswali ya dodoso, na hapo hata ukweli wako utatiliwa shaka.

3. Tenganisha hesabu. Nyaraka ulizochunguza, ripoti ulizoandika na mara ulizotoa ushahidi ni mambo matatu. "Nina uzoefu mkubwa" haipimiki; "nimetoa ushahidi mara 9, mara 7 kuhusu sahihi" inapimika.

4. Taja mipaka mwenyewe. "Naweza kueleza sahihi ilivyoandikwa. Siwezi kusema aliyetia sahihi alilazimishwa." Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani wakikiri mpaka watadharauliwa.

5. Malizia na anayekulipa: "Nimeitwa na mlalamikaji, naye ndiye anayelipa ada yangu. Malipo hayategemei matokeo, na wajibu wangu ni kwa baraza." Kisha nyamaza. Maoni kuhusu sahihi yenyewe yangoje uulizwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina vyeti 14. Nivitaje vyote?
Jibu: Hapana. Wasifu kamili uambatanishe na ripoti. Kwa mdomo taja viwili au vitatu vinavyohusu sahihi.

Swali: Sijawahi kutoa ushahidi. Nifiche?
Jibu: Usifiche, sema mapema: "Hii ni mara yangu ya kwanza kutoa ushahidi, ila uchunguzi wenyewe naufanya kila wiki." Ugeni wa kizimbani si ugeni wa kazi.

Swali: Nilipewa nakala ya fotokopi tu. Hilo ni la kujitambulisha au la ripoti?
Jibu: Ripoti ndiyo inayolibeba, lakini mimi hulitaja pia ninapoeleza mipaka. Fotokopi haionyeshi kalamu ilivyokandamiza karatasi, na mitetemo midogo ya mstari inaweza kupotea. Waambie hivyo, na uwaambie pia kama uliomba nakala halisi ukaikosa.