Mshahara au gawio? Piga hesabu ya kodi yote kabla ya kuamua

Wamiliki wengi wa kampuni ndogo hapa Tanzania Bara hulinganisha asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye gawio na asilimia 30 ya ngazi ya juu ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, wakaamua kuchukua gawio. Hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu gawio hutoka kwenye faida ambayo kampuni imeshailipia kodi ya asilimia 30. Mshahara hutolewa kabla faida haijapatikana, kwa hiyo kodi hiyo haiugusi.

Hatua ya 1: Anza na pesa ileile pande zote mbili. Tuseme mmiliki ni mkurugenzi anayefanya kazi kila siku, kampuni ina wafanyakazi wachache (chini ya 10, kwa hiyo tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, haihusiki), na ametenga shilingi 26,520,000 za mwaka kwa ajili yake mwenyewe. Nimechagua kiasi hicho kwa sababu ndiyo gharama kamili ya mshahara ghafi wa 2,000,000 kwa mwezi: mshahara wenyewe, asilimia 10 ya NSSF inayochangiwa na mwajiri, na asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Ukilinganisha mshahara ghafi na gawio bila kuingiza michango hii, utaupendelea mshahara bila kujua.

Hatua ya 2: Hesabu ya gawio. Kodi ya kampuni ni 7,956,000. Zinabaki 18,564,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ni 1,856,400, nayo ni ya mwisho kwa mwenyehisa mkazi. Mkononi zinafika 16,707,600. Kodi jumla ni 9,812,400, yaani asilimia 37 ya pesa tuliyoanza nayo.

Hatua ya 3: Hesabu ya mshahara. Kwanza toa NSSF ya mfanyakazi, 200,000 kwa mwezi, ndipo ukokotoe PAYE kwenye 1,800,000 zinazobaki. Wengi hukosea hapa: wanakata PAYE kwenye mshahara ghafi na kujitoza zaidi. Kwa ngazi za sasa, kipato kinachozidi 1,000,000 hulipa 128,000 na asilimia 30 ya ziada:

```
128,000 + 30% x 800,000 = 368,000
```

Mkononi zinabaki 1,432,000 kwa mwezi, sawa na 17,184,000 kwa mwaka. PAYE ya mwaka ni 4,416,000, WCF 120,000, na NSSF ya pande zote mbili ni 4,800,000.

Mshahara umeshinda kwa fedha taslimu kwa 476,400, na bado kuna 4,800,000 zilizoingia NSSF kwa jina la mmiliki.

Hatua ya 4: Amua NSSF ni nini kwako. Uamuzi wote unategemea jambo hili. Ukiichukulia kama akiba yako ya uzeeni, mshahara unashinda hata kwa viwango vikubwa, kwa sababu kodi yake haifiki asilimia 37. Ukiichukulia kama pesa iliyokutoka, angalia shilingi za mwisho unazojilipa. Kila shilingi 100 za kampuni zikienda kama gawio hukuachia 63. Zikienda kama mshahara kwenye ngazi ya asilimia 20 hukuachia takriban 65, kwenye ngazi ya asilimia 25 takriban 61, na kwenye ngazi ya asilimia 30 takriban 57.

Kwa hiyo anayetaka fedha taslimu nyingi ajilipe mshahara mpaka kipato kinachotozwa PAYE kikaribie 760,000 kwa mwezi, kilichobaki akichukue kama gawio. Kwa mfano wetu, mshahara ghafi wa 844,000 pamoja na gawio la salio unampa takriban 17,957,000 kwa mwaka. Lakini NSSF inashuka hadi 2,025,600. Mimi humwambia mteja asiye na akiba nyingine yoyote aziangalie hizo karibu 2,774,000 zilizokosekana kwenye akaunti yake ya uzeeni kabla ya kufurahia.

Hatua ya 5: Weka makaratasi sawa. Mshahara unahitaji mkataba wa ajira na kiasi kinachoendana na kazi unayofanya, na PAYE iwasilishwe TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Gawio linahitaji faida iliyopo vitabuni na azimio lililoandikwa. Kampuni ikipata hasara na haina faida iliyobaki ya miaka ya nyuma, mshahara unaweza kulipwa ila gawio haliwezi.

Linaloharibu hesabu mara nyingi ni mmiliki kutoa pesa kwenye akaunti ya kampuni wakati wowote anapozihitaji. Mwisho wa mwaka mhasibu anazikuta hazina jina. Dalili yake ni salio la deni la mkurugenzi linalokua kila mwaka bila kulipwa, na mkaguzi wa kodi akilikuta anaweza kulichukulia kama mshahara au gawio ambalo halikukatwa kodi, pamoja na riba na adhabu. Fungua vitabu vyako, tazama salio hilo kwanza, ndipo urudi hatua ya 1 ukiwa na takwimu zako mwenyewe. Ikiwa kampuni iko Zanzibar, badilisha viwango vya PAYE na utumie ZSSF badala ya NSSF.