Konyagi, sigara na laptop ya Dubai: upite kijani au nyekundu ukitua Heathrow?

Kazi yangu ni kuwasaidia Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza kupanga mizigo wakirudi kutoka likizo. Swali ni lile lile kila mara, kwa hiyo naliandika hapa.

1. Anza na chupa. Pombe kali, yaani yenye kilevi zaidi ya asilimia 22, mwisho ni lita 4. Konyagi imo humo. Chupa 5 za mililita 750 ni lita 3.75, unapita. Ongeza ya sita, unafika lita 4.5, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: ushuru haukatwi kwenye ile nusu lita iliyozidi, unakatwa kwenye chupa zote 6. Bia na mvinyo zina hesabu zake, lita 42 na lita 18. Chupa ulizonunua duka la uwanja wa ndege nazo zinahesabiwa.

2. Sigara. 200, au gramu 250 za tumbaku. Ukitaka kuchanganya, gawa nusu kwa nusu: sigara 100 na gramu 125. Mtoto wa chini ya miaka 17 hana kiwango cha pombe wala sigara, kwa hiyo usimbebeshe mgao.

3. Vitu vingine vyote, pamoja na simu na laptop. Kiwango ni pauni 390 kwa mtu mmoja anayekuja kwa ndege ya kawaida. Mteja wangu mmoja alinunua laptop Dubai kwa pauni 600. Akaniambia, "Mimi na mke wangu tuna 780 kwa jumla, si tumepona?" Hapana, kaka. Kifaa kimoja hakigawanywi kati ya watu wawili, na kikizidi kiwango kinatozwa kwa bei yake nzima. Laptop haina ushuru wa forodha, ila VAT ya asilimia 20 ipo: pauni 120. Kuitoa kwenye boksi na kuipakia picha zako hakuifanyi kuwa ya zamani.

Laptop uliyotoka nayo Uingereza ni jambo jingine, hiyo ni mali yako. Beba risiti yake, hata picha kwenye simu inasaidia.

4. Chagua mlango. Ukishachukua begi utaona njia mbili. Kijani unapita kama kila kundi la vitu liko ndani ya kiwango na hubebi kitu kilichokatazwa. Nyekundu ni kwa aliyezidisha, hata kwa kundi moja tu. Viwanja vingine havina afisa hapo, kuna simu nyekundu ukutani. Inua, useme ulicho nacho.

Kupita kijani ni sawa na kutamka kwamba huna cha kutangaza. Maafisa wanaweza kukusimamisha hapo hapo wakafungua begi, na wakikuta umezidisha, mzigo unaweza kutaifishwa.

5. Ukitaka kukwepa foleni, tangaza na ulipe kwenye tovuti ya GOV.UK kabla ya kutua. Dirisha hufunguka siku 5 kabla ya kufika. Yule mteja wangu alifanya hivyo akiwa bado Dubai, akatembea na risiti mbili: ya duka na ya malipo.