Somo: Kurudisha picha iliyo chini ya utepe wa kapsheni kwenye skrinshoti

Kabla ya kufungua programu yoyote, kuza skrinshoti yako uitazame vizuri: kile kilichowekwa juu ya picha kinaonyesha chochote cha nyuma yake, hata kwa mbali? Stika nzito, emoji au boksi jeusi tii havionyeshi kitu. Skrinshoti haina leya. Ni tandiko moja la pikseli, na pale penye stika zimehifadhiwa pikseli za stika peke yake. Programu inayodai "kuondoa stika" huchora kitu kipya kinachoendana na majirani zake, basi.

Ule utepe mweusi unaopitisha mwanga kidogo, unaokatiza picha ukiwa na maneno meupe ndani yake, ni habari nyingine. Picha bado ipo pale, imetiwa giza tu, na kiasi cha giza hilo kinapimika. Somo hili ni la utepe huo, na nitatumia GIMP, programu ya kuhariri picha.

Hatua ya 1: Pata faili safi

Simu nyingi huhifadhi skrinshoti kama PNG, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ikishapitishwa kwenye programu ya kuchati kama picha ya kawaida, hubanwa kuwa JPEG, na kasoro za mbano huo hukuzwa tunaporudisha mwanga kwenye sehemu zenye giza, ambazo ndizo tunazozitaka. Aliye nayo akutumie kama faili, yaani dokumenti. Na kama picha ni yako na uliandika juu yake ndani ya programu ya picha ya simu, angalia kwanza kama kuna kitufe cha `Revert`. Kikiwepo, huna haja ya kuendelea kusoma.

Hatua ya 2: Pima giza la utepe

Hapa ndipo kazi ilipo. Tafuta kitu chenye rangi moja kinachovukwa na ukingo wa utepe: ukuta, shati, anga. Chukua `Color Picker`, soma rangi kwa kipimo cha 0 hadi 255, pikseli chache juu ya ukingo, kisha pikseli chache ndani ya utepe.

Tuseme ukuta nje ya utepe unasoma 200, 190, 170, na ndani unasoma 80, 76, 68. Gawanya: 80 kwa 200 ni 0.4, 76 kwa 190 ni 0.4, 68 kwa 170 ni 0.4. Rangi zote tatu zimekubaliana, kwa hiyo utepe ni mweusi halisi na umepitisha asilimia 40 ya picha. Usiridhike na sehemu moja. Nenda penye giza, kwa mfano nywele: nje 30, ndani 12. Tena 0.4. Sasa unaweza kuiamini namba yako.

Namba zikipishana kidogo, chukua wastani wa sehemu kadhaa. Zikipishana sana, ama utepe si mweusi, ama giza lake halilingani kutoka juu hadi chini. Hayo yote yamo kwenye maswali hapa chini.

Hatua ya 3: Rudisha mwanga

Zungushia utepe kwa `Rectangle Select`, ukikuza picha ili ukingo ukae kwenye pikseli yenyewe. Fungua `Colors > Levels`. Zidisha 255 kwa 0.4, unapata 102. Kwenye `Input Levels`, namba ya kulia iliyokuwa 255 iandike 102. Ya kushoto ibaki 0, `Output Levels` usiiguse.

Umeiambia programu kwamba 102 ndani ya utepe ni nyeupe kamili, na vingine vyote viongezeke kwa uwiano huo huo. Ile 80 ya ukuta inarudi kuwa 200. Utepe unatoweka mbele ya macho yako, yanabaki maneno tu.

Ukiona eneo la utepe bado limefifia kuliko majirani, shusha 102 taratibu. Likizidi kung'aa, ipandishe. Jicho lako likae kwenye ukingo, maana katikati ya utepe huna cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 4: Mstari na herufi

Mara nyingi unabaki mstari mwembamba wa pikseli moja pale ukingo ulipokuwa, kwa sababu utepe uliishia katikati ya pikseli. Uchague peke yake, uupe `Levels` yake.

Herufi nyeupe ni nzito, kwa hiyo chini yake hakuna kitu. Hapa tunaziba, haturudishi. Tumia `Select > By Color` kwenye herufi, punguza uteuzi ubaki ndani ya utepe, kisha `Select > Grow` kwa pikseli 2 au 3 ili kumeza kingo laini za herufi. Ziba kwa `Heal` au `Clone`, ukichota karibu. Herufi nyembamba juu ya ukuta hazitaacha alama. Zikiwa juu ya jicho au juu ya maandishi mengine, ulichoziba ni kisio lako, na usimwonyeshe mtu kama ushahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, utepe wangu ni mweupe, siyo mweusi. Nagawanya namba hazikubaliani.

Kugawanya peke yake hakutoshi hapo, unahitaji sehemu mbili. Mfano: penye mwanga nje 200, ndani 233, penye giza nje 30, ndani 165. Tofauti ya ndani ni 68, ya nje ni 170, na 68 kwa 170 ni 0.4. Sasa tafuta nyeusi kamili imekuwa ngapi: 165 toa 0.4 mara 30, ni 153. Kwenye `Levels` andika 153 kushoto, kulia acha 255.

Nimefuata hatua zote, utepe umeondoka ila anga limekuwa na ngazi ngazi na chenga.

Ni kawaida. Picha iliyokuwa na ngazi 256 za mwanga ilibanwa kwenye 103, na ukiitanua mapengo hayajazwi. Kwa utepe unaopitisha asilimia 10 tu zinabaki kama 26, na kila kasoro inakuzwa mara kumi. Ukiona vijisanduku, faili yako ilipitia JPEG. Rudi hatua ya kwanza.

Utepe wangu juu ni mwepesi, chini mweusi zaidi.

Huo ni mteremko. Pima juu na chini, kisha acha kompyuta igawanye mstari kwa mstari. Hapa utepe unaanzia mstari wa 900 hadi 1020, ukipitisha picha yote juu na 0.4 chini:

```python
import numpy as np
from PIL import Image
p = np.array(Image.open("picha.png").convert("RGB"), float)
k = np.linspace(1.0, 0.4, 120)[:, None, None]
p[900:1020] /= k
Image.fromarray(p.clip(0, 255).astype("uint8")).save("mpya.png")
```

Wangu ni kama kioo chenye ukungu. Mwanga umerudi lakini vitu havionekani vizuri.

Huo haukutia giza tu, umechanganya pikseli na majirani zake. Utaujua kwa kitu chenye nyuzi nyuzi, kama nywele: ukingoni zinakatika ghafla na kuwa doa. Rangi utapata, undani hapana.

Stika yangu ni nzito, lakini ipo kwenye video na inacheza cheza. Kuna namna?

Ipo, na ni nzuri kuliko zote kama picha ya nyuma imetulia. Piga skrinshoti mbili stika ikiwa sehemu tofauti, zifungue kwa `Open as Layers`, hakikisha zimelingana, kisha kwenye leya ya juu chagua `Add Alpha Channel` kama haina, ufute stika ili ya chini ionekane. Pale stika zinapopandana katika skrinshoti zote mbili, tafuta ya tatu.

Kwa hiyo mtu akificha namba kwa kalamu nyeusi ya simu, inaweza kusomeka?

Kama ni kalamu ya kuangazia, ile isiyo nzito, ndiyo, kwa `Levels` hii hii. Ukificha chako, tumia boksi lililojaa rangi.